Ratili Tisa za Nyama, Chakula Saa Saba

Msimu ule wa baridi dada yangu alikuwa na miezi minane tangu aje kutoka Tanga na binti yake wa miaka kumi. Tulikaa watatu katika nyumba ya safu kule Bordesley Green, nchi ya Waingereza, vyumba viwili juu, viwili chini, choo uani. Dada alipata kazi jikoni hospitalini, ya kuosha masufuria makubwa na kumenya viazi. Mimi nilikuwa kiwandani Hockley, kwenye mashine ya kukata bati. Ikifika jioni mikono yangu ilikuwa bado inatetemeka kwa mdundo wa mashine ile, hata nikishika kikombe cha chai kililia juu ya kisahani.

Mtoto shuleni walimweka katika chumba cha wale wasiojua Kiingereza. Humo walipaka rangi picha za matunda na kuunganisha maneno na picha, kutwa nzima. Nyumbani Tanga alikuwa wa tatu darasani kwa hesabu. Kuzidisha na kugawanya hakukumshinda. Kilichomshinda ni mafumbo ya hesabu, kwa sababu fumbo limeandikwa kwa maneno na maneno hayo hakuwa nayo. Mwalimu wake, mama mmoja mpole aliyechoka kama sisi, alinieleza hali ilivyo. Ijumaa mtoto atasimama ubaoni kwenye darasa la rika lake na kulieleza fumbo moja. Akiweza, anahamia huko. Asipoweza, anabaki na picha za matunda mpaka kiangazi, na baada ya kiangazi ni shule ya wakubwa. Mtoto anayetoka chumba kile, alisema, huko kwa wakubwa huwekwa katika darasa la wale wa nyuma kimasomo, na kutoka hapo si rahisi kupanda.

Alhamisi nilirudi nikamkuta mezani, karatasi mbele yake, penseli imetafunwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Ndilo hilo?"

"Ndilo. Najua tisa, ishirini na kumi na tano. Mengine yote sijui."

Nilivua kofia tu, koti nikabaki nalo, maana moto ulikuwa haujashika. Hesabu nilijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vilivyotumika nilivyonunua sokoni, na tabia yangu ni kusoma swali mara mbili kabla ya kugusa kalamu. Nikalisoma. Kisha nikamwambia kwa Kiswahili:

"Mama mmoja ana kipande cha nyama ya ng'ombe cha ratili tisa. Anataka kukioka. Kila ratili inahitaji dakika ishirini motoni, na juu ya jumla hiyo aongeze dakika ishirini nyingine. Nyama ikitoka, ipumzike dakika kumi na tano kabla ya kukatwa. Chakula ni saa saba mchana. Aiingize nyama motoni saa ngapi?"

Alinitazama. "Ratili tisa kipande kimoja? Ana harusi?"

"Hana harusi. Ni Jumapili tu."

"Na nyama inapumzika?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Imefanya kazi gani?"

Wakati huo mlango ukafunguka, dada akaingia na baridi yake, akavua viatu akiwa amesimama, mkono ukutani.

"Mama, eti nyama inapumzika?"

"Inapumzika kweli," dada akasema. "Mpishi mkuu anaifunika kitambaa, hakuna ruhusa kuigusa. Inakaa pale kama bibi harusi. Sisi tunaendelea kusugua masufuria." Akaketi, akaanza kujikanda nyayo. "Endeleeni. Mimi msiniulize kitu."

Tukaanza. Nilimwambia asitafute jibu, atafute kwanza muda wote wa nyama kuwa motoni.

"Tisa mara ishirini," akasema, "mia na themanini."

"Na ile ishirini ya ziada?"

"Ni kwa kila ratili?"

"Soma nilivyokwambia. Juu ya jumla."

"Basi mara moja tu. Mia mbili."

"Mia mbili za nini?"

"Dakika." Akagawanya kwa sitini bila kuambiwa. "Saa tatu, zinabaki dakika ishirini."

"Huo ni muda wa motoni. Na kupumzika?"

"Kumi na tano. Jumla saa tatu na dakika thelathini na tano."

Sasa ilikuwa kurudi nyuma kutoka saa ya chakula. Mimi pembeni ya gazeti nilikuwa nimekwisha kuandika moja, kama ilivyo kwenye karatasi yao, na kwenye moja huwezi kutoa tatu, kwa hiyo nilianza kuongeza kumi na mbili. Nilipoinua macho yeye alikuwa amemaliza. Aliandika saba juu, tatu na thelathini na tano chini. Akaazima saa moja, saba ikawa sita na dakika sitini. Sitini kutoa thelathini na tano, ishirini na tano. Sita kutoa tatu, tatu.

"Saa tatu na dakika ishirini na tano asubuhi!"

"Sahihi," nikasema, nikafumba macho. Nilisikia penseli ikiandika jibu. Kisha nikayafumbua. Kwenye mstari wa jibu alikuwa ameweka 3.25, na juu yake, kwa maandishi ya chapa, chakula kilikuwa saa 1.00.

"Ngoja. Ukiandika hivyo, kwao nyama inaingia motoni watu wamekwisha kula na vyombo vimeoshwa."

Alisoma, akaelewa, macho yakajaa maji. "Kwa hiyo nimekosa."

"Hujakosa. Umehesabu kwa saa ya nyumbani, nami ndivyo nilivyokusomea. Wao wanaanza kuhesabu usiku wa manane, sisi tunaanza asubuhi. Tumepishana saa sita. Ongeza sita."

"Tisa." Akafikiri. "Na dakika?"

"Dakika hazibadiliki. Sasa ijaribu kwenda mbele, kwa saa yao."

Alihesabu kwa vidole mezani. Tisa na ishirini na tano, ongeza saa tatu na dakika ishirini: kumi na mbili na arobaini na tano. Nyama inatoka. Ongeza kumi na tano: moja kamili. Alirudia peke yake mara mbili, sauti ikizidi kushuka. Dada alikuwa amelala kitini, mguu mmoja mkononi.

Kesho yake nilirudi nikiwa nimepata zamu ndefu. Mtoto alikuwa akinisubiri mlangoni.

"Niliandika saba ubaoni, darasa likacheka. Nikaandika tatu na ishirini na tano, wakacheka zaidi. Mwalimu akachukua kifutio."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwambia, ngoja. Nikaandika ongeza sita. Akaniuliza saba imetoka wapi, Kiingereza kikaniishia. Basi nikaenda kwenye saa ya ukutani. Nikamwonyesha kwa kidole, tisa na ishirini na tano, mpaka nyama itoke, mpaka ipumzike, mpaka moja. Akasema nirudie polepole. Nikarudia." Akavuta pumzi. "Jumatatu nahamia."

Nilimshika kichwa. Nilikaa, nikafungua kamba za kiatu kimoja.

"Wamenipa mengine manne," akasema, akitoa karatasi.

"Lete nikusomee."

Aliitazama mikono yangu. Akaichukua karatasi tena, akaenda upande wa pili wa meza.

"Wewe pumzika kwanza dakika kumi na tano," akasema, "kama nyama."

Akanifunika koti la mama yake. Nikamsikia akianza la kwanza mwenyewe, neno kwa neno, akiligeuza kuwa Kiswahili, akisimama mahali alipokwama na kulirudia tangu mwanzo.