Tangazo Lililobaki Ndani ya Video

Kila asubuhi mama alimtazama mhubiri mmoja kwenye simu, huku akichambua maharage mlangoni kwake kijijini Muyama. Matangazo yalimuudhi. Zaburi iko katikati, ghafla sabuni, ghafla kubeti. Mimi nauza simu mjini Kasulu na hujifanya mjuaji, nikamlipia huduma ya kila mwezi ya kutazama bila matangazo. Nikamwambia kwa majivuno, "Mama, kuanzia leo hakuna tangazo. Utakachosikia humo ni maneno ya mtumishi mwenyewe."

Akaniamini. Wiki chache baadaye, katikati ya somo, mhubiri akainua pakiti ya unga wa mitishamba. "Mama yangu unayenitazama," alisema, "unga huu unashusha presha. Hata mimi nautumia."

Mama akamwagiza jirani amnunulie mjini. Vidonge vyake vya presha akavifunga kwenye kitambaa, akavificha chini ya godoro. Hakuniuliza. Aniulize nini, wakati mimi ndiye niliyemhakikishia hakuna tangazo?

Alianguka shambani. Hospitali ya Kabanga wakasema ni kiharusi. Upande mzima wa kulia ulikuwa umelala. Dada yangu ndiye aliyeviona vile vidonge alipokuwa akitandua kitanda, na jirani akatusimulia habari ya unga wa mhubiri.

Nilirudi dukani nimefura. Msichana mmoja anayerekodi harusi na kuziweka mtandaoni alikuja kununua chaja, nikamwaga hasira zote kwake: mtandao wezi, nimelipa na tangazo bado lipo!

"Hujaibiwa, kaka," alinijibu taratibu. "Ulicholipia ni kuondoa matangazo yanayochomekwa na mtandao. Lile la unga, mtumishi kalirekodi mwenyewe, limo ndani ya somo lake. Mwenye unga kamlipa yeye moja kwa moja. Mtandao haulikati. Ni mtazamaji mwenyewe alirukishe kwa kidole."

Akafungua video ile, akanionyesha maandishi madogo kwenye kona yanayosema ina tangazo la kulipiwa. Yalitoweka upesi. Mama yangu hajui kusoma. Majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa ameshafika.

Nilikwenda Kabanga kesho yake nikamweleza mama yote, bila kujitetea. Alisikiliza, mdomo umepinda, jicho moja likitoa machozi ambayo sikujua kama ni ya kulia au ya ugonjwa.

"Weye... ulijua?" akauliza kwa shida.

"Sikujua, mama."

Akautafuta mkono wangu kwa ule wa kwake uliobaki mzima, akaupapasa.

"Basi na yeye... labda hakujua."

Alijua. Alilipwa. Lakini mama alikuwa ametuweka sote wawili kwenye msamaha mmoja, na nisingeweza kumtoa yule bila kujitoa mimi. Nikaitikia, "Labda, mama." Moyoni nilitamani anitukane.