Mipini Mibichi

Bibi yangu hakuwa na meno sita ya chini. Aling'olewa akiwa msichana, kama Wajaluo wengi wa wakati wake, na akicheka ulimi ulichungulia hapo katikati kama mtu aliye dirishani. Mimi sikufanyiwa, kanisa lilishakataza, lakini nilimwona mjomba wangu akifanyiwa, upande wa Karungu, nadhani alikuwa wa mwisho kijijini. Watu walitazama damu. Mimi nilitazama mpini wa kile chuma cha kung'olea. Ulikuwa mweusi, umelainishwa na viganja vya watu waliokufa zamani, na haukucheza hata kidogo. Mjomba alilia, lakini sikumbuki alilia vipi. Mpini naukumbuka.

Shule niliiacha darasa la tatu. Ng'ombe wa baba walikuwa wengi kuliko watoto wake, na hiyo ni habari ndefu. Nikajifunza kuchonga mipini ya jembe, na nikichonga namwazia mjomba, na ndivyo nilivyozeekea kwenye karakana ya mama mmoja nje kidogo ya mji wa Migori. Mama huyo ni Mwislamu, mzaliwa wa pwani, ana duka la vifaa mjini, na karakana ni yake. Mimi nilikuwa nyapara. Wachongaji walikuwa sita.

Katika hao sita kulikuwa na mmoja, Mkuria, bora kuliko wote na bora kuliko mimi, nasema bila haya. Aligusa gogo la mkaratusi akajua litapasukia wapi. Nilikwenda kwao mwenyewe kumtafuta. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama kazi ni ya msimu. Nikamwambia ni ya kila mwezi. Kwa neno hilo alihamisha mke na watoto, akapanga chumba nyuma ya soko.

Wakati huo nilikuwa nasema kweli. Jembe lina msimu wake. Mvua kubwa ikikaribia, Februari mpaka Aprili, maduka ya Kisegi, Homa Bay na Awendo yanataka mipini yote uliyo nayo na mingine ambayo hujaichonga. Agosti wanarudi kidogo. Miezi mingine unauza mmoja mmoja, kwa mtu aliyevunja wake akipiga mbwa. Mama alikuwa ameamua tuchonge kiasi kilekile kila siku, mvua au kiangazi, watu walewale sita, mipini iwekwe stoo ingojee msimu. Ni mpango mzuri. Watu wanazoea mkono, mti unakauka polepole kivulini, na hakuna anayekimbizwa.

Lakini stoo ilikuwa ya mabati na imejaa mpaka dari, hewa haipiti, na sisi kwa uvivu tulikuwa tunaacha gamba kwenye upande utakaoingia kwenye jicho la jembe, lile tundu lake. Kosa hilo ni langu. Januari tulipoanza kutoa mizigo, unga ulitumwagikia miguuni, mweupe, laini kama wa muhogo. Dudu, waliotokea kwenye gamba. Mpini ulikuwa mzima kwa nje, ukiubonyeza kidole kinaingia. Karibu nusu ya kazi ya mwaka mzima ikawa kuni.

Mama alisimama mlangoni pa stoo, kitambaa puani. Mchongaji mmoja mwenye mdomo akasema, "Mama, wadudu wako wamenenepa kuliko sisi." Hakuna aliyecheka. Mama akaniangalia mimi.

"Mzee, nimelisha dudu mwaka mzima. Nimewalipa watu kuwapikia dudu."

Mvua zilipokwisha, mwezi wa tano, alibadilisha kila kitu. Sasa tutalifuata soko. Oda zikija tunaajiri, zikiisha watu wanakwenda nyumbani, na stoo ibaki tupu. Nilibakizwa peke yangu na ufunguo. Wale sita waliambiwa tutawapigia simu. Nilijaribu kumtetea yule Mkuria, nikasema huyu nilimpa neno. Mama akajibu kwamba neno lile nililitoa mimi, yeye hakulitoa. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliniuma.

Mkuria hakubishana. Alifunga kisu chake cha kuchongea, cha mikono miwili, kwenye gunia, akaniuliza, "Ulisema kila mwezi, mzee?" Nikasema nilisema. Akaenda. Nilisikia anabeba miwa Awendo, siku kazi ikiwepo.

Januari iliyofuata oda zikaanza, nikapiga simu. Wawili walikuwa migodini kwenye dhahabu, hawatoki huko. Mmoja alikuwa amevukia Tanzania. Wawili hawakupokea. Mkuria alikuja, sijui kwa nini, labda miwa ilikuwa imekwisha. Mama akajaza nafasi na vibarua kumi na wanne kutoka stendi, watu wenye nguvu ambao hawajui mti una uso na mgongo. Na kwa kuwa stoo ilikuwa tupu, mkaratusi ulikatwa Jumatatu, Alhamisi ni mpini. Maji yalikuwa yakitoka ukichonga.

Mkuria aliushika mmoja akanusa. "Huu bado unakunywa," akasema. Alitaka uanikwe hata miezi miwili. Mama alikuwa na simu sikioni, Kisegi wanauliza gari limefika wapi. Akasema mvua haitangoja miezi miwili. Hata hilo lilikuwa kweli. Tukachonga, tukapakia, gari likaondoka. Mkuria alichonga pia, kichwa chini.

Machi ikawa na jua kali kati ya mvua na mvua. Mti mbichi ukapata jua, ukajikaza, jicho la jembe likabaki kubwa. Wanunuzi, hata wa mbali, walianza kurudi mmoja mmoja, baadaye kwa makundi, mipini mikononi, mpaka mbele ya duka pakajaa. Mzee mmoja wa Kisegi aliweka jembe kaunta, akalitikisa likachomoka lenyewe. Kwake lilikuwa limeruka likampiga mkewe mguuni, kwenye mfupa. Hakupiga kelele. Alisema, "Mama, mimi nilinunua jembe. Sikununua panzi."

Mama akalipa, akabadilisha, na jioni hiyo akaja karakana mwenyewe. Nikamwambia kilichokuwa kimenikaa moyoni tangu siku ya dudu. Tusichonge mwaka mzima, wala tusingoje msimu. Watu wawili wabaki miezi yote, wapasue magogo tu, watoe gamba lote, wayalaze kwenye maji kutoa utamu wanaoupenda dudu, kisha wayapange kivulini hewa ipite. Mti uliopasuliwa tu unachukua nafasi ndogo na haujalipiwa kazi nyingi. Msimu ukifika, vibarua waje wachonge na kulainisha mti uliokwisha kukauka.

Mama akaitazama ile stoo tupu. Akasema, "Wawili. Wewe na fundi." Akamgeukia Mkuria. "Kila mwezi, fundi. Sitakutoa tena."

Mkuria alikuwa na mpini uliobanwa kwenye jiriwa, nusu umechongwa. Hakumtazama Mama. Alinitazama mimi. Nilitaka kusema kitu, na neno nililokuwa nalo mdomoni lilikuwa ni lilelile, kila mwezi.

"Nimesikia," akasema.

Akafuta kisu chake kwenye suruali, akakifunga kwenye gunia, akapita katikati yetu taratibu kama mtu anayekwenda kunywa maji. Mtungi uko kushoto kwa mlango. Alipinda kulia, akashika barabara. Mama akaniuliza anakwenda wapi. Nikasema atarudi.

Hakurudi.