Majina Yote ya Marehemu Mikaeli

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Whitehall, kwa ndugu wa South End kule Louisville, na kwa wale wa Buffalo ambao bado wanachimbua magari yao kwenye theluji: jiji la Columbus limebarikiwa kupata mtaalamu wa majina ya Kirusi. Anaitwa Dancan Nyamweya. Ofisi yake ni kiti cha nyuma cha Corolla kuukuu, na saa zake za kazi ni zile dakika thelathini ambazo ghala la karibu na uwanja wa ndege humruhusu kula chakula.

Msimcheke. Utaalamu wake aliusotea. Alikaa Voronezh miaka sita akisomea kilimo, akatoka na shahada ambayo Marekani nzima haijapata pa kuitumia, na Kirusi ambacho hakuna aliyekiuliza. Huko Voronezh jina Dancan liliwashinda, wakambandika Dmitri. Bweni lao lilikuwa na bibi mlinzi, na bibi huyo ndiye aliyemfundisha kuliko chuo. Siku ya kawaida alimwita Dima. Akiingia na tope kwenye viatu, Dimka, kama mtu anayempiga mtoto kofi la mapenzi. Alipougua homa akashindwa kuamka, bibi alimletea chai na kumwita Dimochka, na Dancan akalia kwenye mto kwa sababu tangu atoke Kisii hakuna aliyemwita kwa sauti ya namna hiyo. Na siku aliyounguza sufuria ya jumuiya, alisikia ukumbini "Dmitri!" tu, jina zima, kavu. Hakungoja kuelezwa. Alitoka kwa dirisha.

Basi akaweka sheria moyoni: Mrusi akikuita kwa jina zima nyumbani, mapenzi yameisha. Sheria hiyo ilimsaidia kukwepa makofi mengi. Wengine iliwavunjia nyumba, na hayo ndiyo haya.

Mwezi wa pili alipigiwa simu kutoka Louisville na mzee Ruhimbika, Mnyamulenge wa milima ya Kongo anayefanya kazi kiwanda cha mbao za sakafu. Mpwa wake, Cyubahiro, alikuwa amefariki Buffalo: moyo, kazini, akiwa na miaka thelathini na minane. Cyubahiro naye alisoma Urusi. Jina hilo liliwashinda Warusi vilevile, wakachukua lile la ubatizo, Mikaeli, wakalifanya Mikhail. Alioa Mrusi, Tatyana, wakaja Buffalo, wakazaa binti, Isaro, ambaye sasa ana miaka sita.

Mama wa marehemu, Leya, alikuwa South End peke yake. Tatyana alikuwa amemwomba ahamie Buffalo, akae na mjukuu, ili yeye aweze kuendelea na kazi yake ya kutunza wazee. Mama asipokuja, yeye hawezi, atarudi kwao Penza, Urusi, na mtoto. Leya alitaka kwenda. Ila alikuwa na swali moja, na ndugu wote kanisani walilipalilia mpaka likamea miiba.

"Donc, mwanangu," Leya alimwambia Dancan kwa simu, "mimi sijue Kirusi, na Kingereza yangu ni ya dukani. Nataka kujua kitu kimoja. Ule mwanamke alipenda mutoto wangu?"

"Si umuulize mwenyewe, mama? Mjomba Ruhimbika atatafsiri."

"Mujane atasema nini? Atasema alimupenda! Kila mujane anasema vile. Mimi nataka yale alisemaka wakati hakuna mutu wa kusikia."

Yale yalikuwepo. Simu ya marehemu ilikuwa na video tatu za nyumbani, na Tatyana, bila kujua zinatakiwa za nini, aliituma simu hiyo Louisville ili mama aone sura ya mwanawe. Ruhimbika alikuwa ameshazitazama, na alikuwa na wasiwasi wake.

"Bon, Dancan, mimi niliona video. Mule ndani kuko mambo. Bibi yake anaita Misha, anaita Mishka, anaita Mishenka. Wale wanaume watatu ni banani? Na wanakaaka mu chumba gani?"

"Mjomba, ni yeye mmoja."

"Wote?"

"Wote. Misha ni wa kila siku. Mishka ni wa utani, watu waliozoeana. Mgeni akikuita hivyo amekutukana. Mishenka ni wa kubembeleza."

"Na mwanangu aliwaenea wote?" akasikika Leya kwa nyuma.

Simu ilipelekwa Columbus, na Dancan akaanza kazi kwenye Corolla, mkono mmoja ukishika chapati, sikio moja likiwa na kisikilizio. Mwanzoni alisumbuka kama mtu mwenye akili. Akiacha majina yote kama yalivyo, wale wa South End watahesabu wanaume tena. Akiyafanya yote Mikaeli, atakuwa ameyachemsha mpaka yameisha chumvi. Akapata njia, na njia hiyo ilikuwa nzuri, tumpe haki yake. Jina liwe moja, Mikaeli, halafu joto lipitie kwenye maneno ya kando. Mishenka akawa "Mikaeli wangu." Misha akawa "Mikaeli" basi. Mishka akawa "wewe Mikaeli nawe!"

Video ya kwanza, marehemu yuko kitandani na mafua, mkewe anamnywesha supu: "Kunywa, Mikaeli wangu, kijiko kimoja tu." Video ya pili, marehemu anagawa keki ya mtoto, anakula krimu kwa kidole: "Wewe Mikaeli nawe, ngoja wageni!" Leya alisomewa hizo mbili kwa simu akacheka mpaka akakohoa. Akaanza kuuliza kama Buffalo kuna dengu.

Video ya tatu ilikuwa ya Jumapili moja kabla ya kifo. Mtu ameiegesha simu mezani. Maji yanatiririka kwenye sinki, sahani zinagongana, sauti zinatoka mbali. Tatyana anasema, "Mikhail Yonasovich, uji unapoa." Mume anajibu, "Nakuja, Tatyana Sergeyevna." Mara tatu hivyo hivyo.

Dancan akasikia jina zima, na akaona tena ukumbi wa Voronezh na sufuria iliyoungua. Akahuzunika kikweli. Aliisikiliza mara moja tu, kwa kuwa kengele ya ghala ilikuwa inalia. Lile Yonasovich, yaani mwana wa Yonasi, na lile Sergeyevna, binti wa Sergei, aliyakata. Aliandika pembeni: "Warusi humbebesha mtu jina la baba yake kama mkoba. Kiswahili hakina haja ya mzigo huu." Aliyasema hayo mtu anayeitwa Dancan Nyamweya, na Nyamweya ni baba yake.

Kikabaki hivi: "Mikaeli, uji unapoa." "Nakuja, Tatyana." Na chini yake, kwa kuwa mtaalamu hakosi maelezo: "Katika nyumba ya Kirusi, jina zima kati ya mume na mke ni dalili ya ubaridi."

Ruhimbika aliisoma karatasi mbele ya Leya. Leya hakulia. Alisema, "Basi alikufa akiwa mugeni mu nyumba yake," akamwagiza kaka yake aandike Buffalo kwamba mama haji. Ruhimbika, ambaye Kiingereza chake hakina mto wala godoro, aliandika kwamba familia imejua alivyokuwa akimwita mumewe, na kwamba mama hataweza kulala chini ya paa hilo.



Baada ya wiki mbili Dancan alipata siku ya mapumziko, akaendesha gari saa tano kwenda Buffalo kurudisha simu ya marehemu. Alidhani anafanya wema. Alikuta nyumba imejaa masanduku, pazia zimeshatolewa. Tatyana alifungua mlango, mwanamke mwembamba, macho mekundu, akampisha alipojitaja kwa jina. Isaro alikuwa amekaa juu ya sanduku.

"Isaro Mikhailovna," mama yake akamwambia kwa Kirusi, "mpishe mgeni kiti."

Mtoto akashuka, akampa Dancan mkono kwa heshima kama balozi. "Leo Jumapili," akaeleza. "Jumapili tunaitana na baba zetu. Wewe ni Dancan nani?"

Dancan akamwinamia mtoto. "Mnaitana vipi?"

"Ni mchezo wa Misha," Tatyana akasema, akifunga boksi kwa utepe wa gundi. Aliongea bila kumtazama. "Alisema kwao mtu akikutana nawe huuliza kwanza wewe ni mtoto wa nani. Baba yake Yonasi aliuawa kule milimani, yeye akiwa mdogo, hata picha hana. Nikamwambia, kwetu hilo ni rahisi. Kila Jumapili nitamleta baba yako mezani. Mikhail Yonasovich, uji unapoa. Alikuwa anacheka kila mara. Halafu ndiyo anakula."

Dancan akaiwasha ile simu, akaisikiliza video ya tatu bila kengele ya ghala. Maji yakatiririka. Na baada ya "nakuja, Tatyana Sergeyevna," mbali kabisa, nyuma ya sahani, watu wawili walikuwa wanacheka. Kicheko kilikuwepo siku zote. Hakukitafsiri kwa sababu hakikuwa neno.

Mume wa Leya alikuwa ameitwa kwa jina mara tatu katika jiko la Buffalo, na mwanamke wa Penza, na mtaalamu akamfuta kama mkoba.

Alipiga Louisville papo hapo, akafungulia spika. Alieleza yote, akijikwaa.

"Yonasi?" Leya akauliza. "Alisema Yonasi? Yonasi wangu?"

"Mara tatu, mama. Mimi ndiye niliyelikata."

"Muambie ninakuja! Ruhimbika, leta ile sanduku! Muambie kesho, mwanangu, muambie mutoto wa Sergei nimekosea, ninakuja na basi!"

Dancan akatafsiri, akakiri na habari ya ile karatasi yake. Safari hii hakukata kitu, hata pumzi za mama aliziacha zilivyo. Tatyana alisikiliza mpaka mwisho.

"Tiketi zetu ni za kesho asubuhi," akasema. "Nyumba nimeirudisha, kazi nimeiacha. Na waambie hivi. Nilimzika mume wangu, halafu nikachunguzwa kama nilimpenda, kwa karatasi, na mtu ambaye hajawahi kula mezani kwangu. Sina nguvu ya kuchunguzwa mara ya pili." Akamshika Isaro mkono, wakaingia chumba cha ndani.

Dancan aliyafikisha hayo polepole. Huko Louisville ilisikika zipu ya sanduku ikisimama katikati.

"Bon," Leya akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Lakini mwanangu, wewe unajua mambo ya haya majina. Sasa hivi, akiniongelea mimi, ameniita nani? Mama? Mama mukwe? Leya? Amesema aje?"

"Hajakuita, mama," Dancan akasema. "Amefunga mlango."