Nywele Mbichi Hudanganya Mkono

Jina la Chanuo hakupewa na mama yake. Alipewa na mtaa, siku ile mumewe wa zamani alipomkaba koo jikoni, naye akapapasa mezani, akakamata chanuo la chuma lenye mkia mkali na kumchoma nalo kiganja, mkia ukatokeza upande wa pili. Bwana alihama na mkono umefungwa kitambaa. Mtaa ukacheka wiki nzima, na tangu hapo fundi huyu wa nywele hajaitwa jina jingine.

Sasa tuje kwenye kazi, maana kazi ndiyo iliyotaka kuua mtu. Saluni ya Chanuo ina viti viwili, sinki moja, na pazia linaloficha chumba cha nyuma. Mafundi wengine huishiwa rangi mteja akiwa nusu kichwa, mbele mweusi, nyuma kama jogoo. Chanuo, hapana. Yeye haamini jicho. Hukusanya nywele zako zote kisogoni, akazifumbata kwa mkono wa kushoto, akatamka idadi ya maboksi. Nywele fupi, boksi moja, tena litabaki. Za mabegani, mawili. Ndefu zilizojaa, matatu, na la nne likae pembeni halijafunguliwa, kwa sababu rangi ikishachanganywa haina kesho. Mkono ule ulikuwa haujamwangusha kwa miaka kumi na minane.

Asubuhi hiyo kabatini yalikuwa maboksi manne ya rangi nyeusi. Mwalimu, mteja wake wa siku zote, nywele za mabegani, alishakaa kitini. Chanuo akachanganya mawili, akampaka kichwa kizima. Alikuwa anavua glavu mlango uliposukumwa kwa bega.

Aliingia mpwa wake, binti wa dada yake marehemu. Mdomo umepasuka, jicho moja limefumba, nywele zinachuruzika maji mpaka kiunoni.

"Mama mdogo, amenizamisha kichwa kwenye ndoo. Safari hii alikuwa anataka nife."

Hakuhitaji kusema ni nani. Mume wa binti alikuwa na bucha njia ya kituoni, mikono mipana kama koleo. Hata yeye Chanuo alimwonya binti yule kabla ya ndoa, lakini sikio la mapenzi halisikii dawa.

"Basi la saa nne linaondoka," binti alisema. "Ila nitapita mbele ya bucha lake, na nywele hizi kila mtu anazijua."

Ni kweli. Zilikuwa nyekundu ya kutu, ndefu, zimejaa. Mume mwenyewe ndiye aliyemlazimisha azipake hivyo, ili amwone hata katikati ya umati. Chanuo akamvuta nyuma ya pazia, akakagua ngozi ya kichwa isiwe na jeraha. Salama. Rangi ile nyeusi aliwahi kumpaka kabla ya ndoa, haikumdhuru. Akazikusanya nywele kisogoni, akazifumbata.

"Mawili yanatosha," akasema.

Hapo ndipo mkono ulipomwangusha. Hofu ilikuwa imemjaa, akasahau jambo ambalo hata mwanafunzi wa wiki mbili analijua, kwamba nywele mbichi hujilaza na kusinyaa. Alizifumbata zikiwa zimelowa. Alipowasha kikaushio, zikaanza kuinuka, zikatanuka, zikamjaa mikononi. Akazifumbata tena zikiwa kavu. Vidole havikukutana.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Hizi ni za matatu. Hata manne!"

Na yalibaki mawili tu. Mengine mawili yalikuwa kichwani kwa Mwalimu, yameshaanza kufanya kazi. Duka la vipodozi lilikuwa kituoni, ng'ambo ya lile bucha. Chanuo alijitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kisha akachanganya boksi moja baada ya jingine, akapaka kwa kubana kuanzia kwenye mizizi, fungu kwa fungu. Rangi ikaishia mabegani. Kuanzia hapo mpaka kiunoni palibaki pekundu.

"Utafunga kitambaa," alimwambia. "Nusu saa, tunaosha, unaondoka."

Zilipobaki dakika saba, mlango wa mbele ulipigwa teke.

"Yuko wapi?"

"Hapa ni kwa wanawake," Mwalimu alijibu, kichwa kimelowa rangi. Mwenye bucha akakipiga teke kiti chake, Mwalimu akaanguka nacho kifudifudi. Chanuo akatoka nyuma ya pazia mikono imetanda.

"Pita juu yangu kwanza, mbwa wewe!"

Naam, alipita. Alimpiga ngumi ya shavu, Chanuo akaona nyota mchana. Alipojishika kwenye meza asianguke, jamaa akachukua kikaushio kizito na kukishusha juu ya mkono wake wa kushoto mara mbili. Vidole vikalia kama vijiti vikavu. Chanuo alipiga yowe, na pazia likang'olewa.

Binti alikuwa amejibanza ukutani. Mwanamume akaona ule wekundu unaning'inia mgongoni, akacheka. Akazungusha nywele zile kwenye ngumi mara moja, mara mbili, kama mtu anayefunga kamba ya ng'ombe, akaanza kumburuta sakafuni kuelekea mlangoni. Binti alishika mguu wa sinki. Akang'olewa. Alishika kiti. Akang'olewa tena.

"Leo unarudi nyumbani ukiwa vipande," alimwambia.

Chanuo alikuwa sakafuni. Mkono mmoja umekufa, mwingine mzima. Mbele yake palikuwa na mkasi ulioanguka kutoka mezani. Aliutazama, akazitazama nywele zilizokazwa kati ya ngumi na kisogo, nyeusi upande wa kichwa, nyekundu upande wa ngumi. Ndipo hesabu yote ilipojipanga upya akilini mwake. Rangi haikuwa imepungua. Nywele ndizo zilikuwa nyingi mno.

Akajirusha. Mkasi ukatafuna mara moja, mara mbili, mara tatu, nywele zikaachia.

Mwanamume alikuwa anavuta kwa nguvu zake zote. Kilipokosekana cha kuvuta, alirudi kinyumenyume, akateleza kwenye maji ya rangi, kisogo kikakutana na ukingo wa sinki. Mlio wa kugonga ulikuwa mbaya. Alilala pale akikoroma, damu inamtoka sikioni, mkia mwekundu bado umefungwa ngumini. Mwalimu akamkalia kifuani, matone meusi yakimdondokea shati.

"Jaribu kuinuka," alimwambia. "Nimefundisha watukutu kuliko wewe."

Askari walipofika, alikuwa hai. Lakini binti hawakumkuta. Chanuo alikuwa ameshamwosha kwa mkono mmoja, akilia kwa maumivu na kwa hasira, maji yakitiririka meusi, kisha meupe. Kichwani zilibaki nywele nyeusi za kugusa bega, hakuna hata unywele mwekundu. Aliondoka na basi la saa nne. Mtu wa kituoni alimkatia tiketi, asimtambue.

Vidole viwili vya Chanuo havikunyooka tena. Ngumi haifumbiki. Siku hizi anamwita mteja afumbate nywele zake mwenyewe, na swali lake la kwanza ni moja, kavu au mbichi? Kabatini hapungukiwi boksi la akiba. Ukimwambia amezidisha, atakuonyesha ule mkono.

Mwaka uliofuata ulikuja ujumbe kutoka mbali: "Mama mdogo, zimeota mpaka chini ya mabega. Nazipaka rangi ninayoitaka mimi. Niandae mangapi?"

Chanuo aliusoma mara tatu, akaandika kwa kidole kimoja kilichopinda: "Matatu, mwanangu. Na usizikate."