Amri ya Kumtoa Mkwe

Nilimpangisha baba wa mke wa mwanangu nyumba yangu ya Ipyana. Kodi ilimshinda, ahadi hazikumshinda. Nikatunza kila karatasi: mkataba, vishina vya stakabadhi, barua ya kumdai, notisi ya kuhama yenye alama za mashahidi, kisha hukumu ya bomani. Sikumgusa hadi amri ya kumtoa ilipotoka.

Askari alipofungua mlango, kwa hasira zangu nikamtangulia kuingia. Kumbe mke wa mwanangu alikuwa amekuja kuwasalimu wazazi wake. Kwetu mwanamke haonani na baba wa mumewe, maisha yake yote. Akajikunja pembeni, akajifunika uso kwa mkeka. Karatasi za kumtoa babake nilikuwa nazo zote. Za kumwona yeye sikuwa nazo.