Shikamoo ya Tapeli

Ofisi ya gazeti letu iko Ngarenaro, juu ya gereji ya kuchomelea vyuma, na mimi ndiye mhariri. Siku hiyo mwandishi wetu wa biashara, mtu mzima mwenye kitambi na kiburi cha kalamu, aliniletea habari ya mama mmoja wa Ngaramtoni, muuza maharage, aliyelizwa mtaji wote kwa simu. Aliandika kila kitu: tapeli alianzaje, alisema nini, alimbonyezesha nini na kwa mpangilio gani.

“Kaka,” nikamwambia, “hapa umebakiza kumpa msomaji nauli tu, akaanze kazi.”

Alinuna. Akarudi na habari ya mistari minne, inayowataka wananchi wawe makini.

“Makini na nini? Mvua?”

Hapo alininunia kwelikweli, ikabidi twende wote Ngaramtoni kuyamaliza. Yule mama alikuwa ameanza upya kwa mtaji wa kukopa, na alituambia wazi kinachomkosesha usingizi: matapeli humrudia mtu waliyekwisha kumla, safari hii wakijidai wanamrudishia pesa zake. Akiliwa tena, hana meza sokoni.

Nikamuuliza kwa nini hakukata simu mapema. Alinitazama kana kwamba sikulelewa.

“Si alinipa shikamoo? Mtoto wa watu kakuamkia vizuri, utamkatiaje simu hajamaliza kusema?”

Nilitaka kucheka, nikashindwa, kwa sababu hata mimi nisingekata. Mwandishi wangu naye alikuwa anaandika haraka.

Habari iliyotoka haikuwa na jina la mama, wala maneno ya tapeli, wala alichombonyezesha. Ilikuwa na anachokisikia anayepigiwa: anaamkiwa kwa adabu, anaharakishwa, anakatazwa kukata simu au kumwambia mtu, kisha anaombwa namba ya siri, ambayo hakuna mfanyakazi wa kampuni ya simu anayeruhusiwa kuiuliza. Tuliandika kwamba kukata simu ya namna hiyo si utovu wa adabu. Kata, kisha upige mwenyewe huduma kwa wateja kwa namba unayoijua, na uripoti ile iliyokupigia. Mwandishi alilalamika kwamba habari imekuwa fupi mno kwa kipaji chake.

Wiki chache baadaye yule mama alinipigia. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza jina ahakikishe ni mimi.

“Wamenirudia leo,” akasema. “Eti wana pesa zangu. Kijana kaniamkia vizuri kuliko hata yule wa kwanza.”

Nikamuuliza alifanya nini.

“Nikaitikia marahaba,” akasema. “Halafu nikakata.”