Nywele za Rangi ya Bordo

Nilifundishwa kusuka na simu. Hakuna maman wala dada aliyewahi kunishika mkono. Nilitazama video, nikasimamisha, nikarudisha nyuma, nikajaribu kwenye kichwa changu mwenyewe mbele ya kioo mpaka mabega yakafa ganzi. Labda ndiyo maana sina amani. Mtu aliyefundishwa na watu anajua kiasi gani kinatosha. Mimi sijui. Mstari ukipinda kidogo nyuma ya sikio, mahali ambapo hakuna atakayepaona, nafumua na kuanza upya, na mteja ananung'unika.

Nilikuwa nasukia kwenye baraza ya parsele, kiwanja chenye nyumba tunayopanga, huku mtaa wa Bagira. Parsele ni ya mama mmoja mjane anayekaa humohumo. Sisi wapangaji tulikuwa watatu: mimi, papa mmoja mwalimu aliyestaafu, kichwa chake kiking'aa kama sahani, na dada wa chumba cha mbele. Dada huyo alifanya kazi mjini, ofisini, alivaa vizuri, kichwani nywele za bandia alizosukwa mjini, za rangi ya bordo, nyekundu iliyoiva kama divai, na jioni alikuwa kiongozi wa kikundi cha maombi. Sote tulioga kwenye dushi moja iliyo nyuma ya nyumba. Bomba likikauka, na lilikauka mara nyingi, tulibeba ndoo, lakini maji ya wote yalishuka kwenye tundu lilelile.

Siku moja maji yakakataa kushuka. Mwanzo yalisita, kisha yakawa yanatufikia kwenye vifundo vya miguu, meupe kwa sabuni, na ukitoka unaona umeoga uchafu wa mwenzako. Tulimwaga maji ya moto. Hayakusaidia kitu.

Nilikuwa na mteja kwenye kiti, kichwa nusu kimesukwa, dada wa chumba cha mbele alipotoka bafuni na taulo begani. Alisimama mbele yetu.

"Weye petite," akasema, yaani mimi, binti mdogo, "nywele ya bateja yako ndiyo inaziba dushi. Uko mutoto muchafu."

"Dada, miye siko natupa nywele kule."

"Ile maji unachovyamo meshi, unamwanga wapi? Si kule?"

Kweli nilimwaga kule. Meshi, zile nywele za bandia, ukishamaliza kusuka unachovya ncha zake kwenye maji yanayochemka ili zitulie, na maji hayo lazima yaende mahali. Lakini niliyachuja kwa kitambaa kila mara. Nilitaka kusema hivyo, lakini dada alikwisha kuingia chumbani mwake. Mteja aligeuka akanitazama mikono. Baada ya siku hiyo hakurudi tena, na nilisikia kwamba sasa anasukwa na mwingine, sokoni.

Muchafu. Mimi ninayefua vitana kwa mswaki! Neno hilo nililala nalo na kuamka nalo. Kuna watu wanaosamehe wakiwa bado wanatukanwa. Nawastaajabia, siko miongoni mwao. Nilipokuwa nakoroga uji nilimjibu. Nilipokuwa nachana meshi nilimjibu vizuri zaidi. Ndani ya kichwa changu alikwisha kulia mara nyingi.

Kisha mwenye nyumba akaniita. Hakuwa mkali, na hilo liliniogopesha zaidi.

"Mutoto yangu, siku ya salongo nitaangalia ile dushi. Kama iko vile vile, kazi ya nywele utaitafutia fasi ingine. Siwezi kupoteza bapangaji juu ya meshi."

Salongo ni Jumamosi asubuhi, wakati kila mtu anatoka kusafisha. Nikipoteza baraza, nimepoteza wateja wote. Chumba changu hakina mwanga wa kusukia. Nilikaa kitandani, na katikati ya hofu nikaanza kufikiri vizuri. Sikutaka tu tundu lifunguke. Nilitaka kujua ni nywele za nani. Na kama ni za yule niliyemdhania, nilitaka ajulikane mchana, mbele ya watu.

Ijumaa mchana, dada akiwa kazini na wengine wametoka, nilitafuta ule ukanda mgumu wa plastiki wanaofungia makatoni dukani. Nilikata kipande kirefu kama mkono wangu, nikachukua wembe, nikaanza kukikata meno pembeni, upande huu na upande ule, kama mifupa ya samaki. Nilijivunia meno hayo, yalikuwa sawa yote. Nikafungua skrubu ya kifuniko cha tundu kwa ncha ya kisu, nikaingiza ukanda. Haukutaka kwenda. Ulikwama kwenye ukingo wa bomba, nikausukuma kwa nguvu, ukaingia. Nilipouvuta ukatoka msafi, hata unywele mmoja hakuna.

Nililia kidogo, nasema ukweli. Kisha nikautazama. Nilikuwa nimekata meno kinyume: ncha zake zilitazama chini, kwa hiyo zilipinga wakati wa kuingia na kuteleza wakati wa kutoka. Nikakata ukanda mwingine, safari hii ncha zikitazama mkono wangu. Huo uliteleza ndani bila ubishi. Ulifika mahali bomba linapopinda, ukagusa kitu laini. Nikauzungusha polepole kati ya vidole, kama mtu anayesokota uzi, mpaka nikahisi kile kitu kinazunguka nao. Ndipo nikavuta.

Sikuvuta kwa haraka. Ukivuta kwa haraka meno yanachana na kutoka na kidogo tu, kingine kinabaki chini. Nilivuta kama ninavyofumua nywele za mtoto anayeogopa. Kwanza ilitoka harufu. Kisha mkia wa kijivu, unaoteleza, kisha mwili wake, mnene, mrefu, ukikokota povu la sabuni iliyooza. Ulidondoka sakafuni kama panya aliyelowa. Nikarudia mara kadhaa mpaka ukanda ukawa unatoka mtupu, nikamwaga beseni zima la maji. Yalizunguka, yakatoa sauti ya mtu anayemeza, yakaisha.

Mtu mwingine angelitupa lile donge na kushukuru. Mimi nililiosha. Nililiweka kwenye beseni na sabuni ya unga, nikalisuuza, nikasuuza tena, na uchafu wa kijivu ulipotoka rangi ikajitokeza: bordo. Bordo tupu, nyuzi ndefu za meshi, rangi ya kichwa cha dada wa chumba cha mbele na si ya mtu mwingine yeyote katika parsele. Nilicheka peke yangu bafuni, na kicheko hicho hakikuwa kizuri.

Lakini hofu yangu haiachi kitu kipite. Nilizitenganisha kwa kitana, nikakuta pia nyeusi fupi kadhaa, mfano wa zangu, na chache za mvi. Nikajiuliza nifiche zangu. Mkono ulikwisha kuzishika. Ndipo nikaona kwamba hizo ndizo zitakazonisaidia.

Kwetu nywele haziachwi mikononi mwa mtu. Unapomaliza kusukwa unaokota zako, hata meshi iliyokaa kichwani mwako, unachoma au unafukia, maana anayeshika nywele zako anaweza kukufanyia lolote. Wateja wangu wasomi wanacheka jambo hilo, halafu wanaondoka na zao kwenye mfuko.

Jumamosi, wote wakiwa uani na mifagio, nilitandika gazeti kuukuu katikati na kumimina nywele pale, bado zinatiririka maji. Sikuzikausha kwa makusudi, ili rangi ing'ae.

"Maman," nikamwambia mwenye nyumba, "dushi imefunguka. Hii ndiyo ilikuwa ndani. Kila mutu achukue yake, tusipoteze nywele ya mutu."

Nikainama wa kwanza. "Hizi nyeusi ni yangu." Nikazitupa kwenye mbabula, jiko langu la makaa nililokuwa nimekwisha kuliwasha. Zikatoa harufu na kuisha.

Papa mwalimu akapapasa kichwa chake. "Miye munisamehe. Yangu yote Mungu alishachukuaka, hata risiti hakuniachia."

Mwenye nyumba alicheka, kisha akainama, akatazama zile mvi, akaacha kucheka. "Eh! Hii ni ya miye." Aliziokota moja moja na kuzitia motoni.

Zikabaki zile za bordo, lundo zima. Dada wa chumba cha mbele alikuwa anafagia mahali palepale alipokwisha kufagia. Kitambaa cha kichwani alikuwa amekivuta mpaka kwenye nyusi.

"Dada, na hii?" nikauliza.

"Hii nini? Takataka tu. Miye ni mutu wa maombi, siko naogopa nywele. Tupa."

"Ya bateja yangu haiko. Sijasuka rangi hii hata siku moja."

"Tupa, nimekuambia!"

"Sawa." Nikakunja gazeti polepole. "Nitaiweka pale kwa barabara, kwa lundo ya takataka ya soko. Mwenye anaitaka ataokota."

Nikaanza kwenda. Nilitembea kama mtu anayebeba yai, nikimpa nafasi ya kufikiri ni nani anayepita pale, ni nani anayeokota. Nilisikia ufagio umesimama. Nilikuwa nimeshika mlango wa ua.

"Leta," akasema.

"Nilete nini?"

"Ile... leta tu, petite."

"Sisikii, dada. Nilete nini?"

"Nywele yangu!"

Ningeweza kumpa pale. Sikumpa. "Sema muzuri, Maman asikie. Ile yenye iliziba dushi ni ya nani?"

Aliniangalia kwa macho yaliyokuwa yanataka kuniua. "Ni yangu."

"Na muchafu ni nani?"

"Petite, inatosha," mwenye nyumba akasema. Lakini alikuwa amemgeukia yeye, si mimi. "Dada, ulinifanya nimutishe mutoto wa watu juu ya uchafu yako? Kuanzia leo dushi utaisafisha weye, kila salongo. Na yeye atasuka pale pale kwa baraza."

Nilipumua. Mtu mwema angetosheka, nadhani, na angemsaidia kumaliza jambo lile kimya kimya.

Nilimpa gazeti. Akapiga magoti mbele ya mbabula na kuanza kutia nywele zake kidogo kidogo. Meshi si nywele. Ni plastiki, haichomeki, inayeyuka, na ikiwa imelowa inazomea makaa na kuyaua. Nilijua hilo. Moshi mweusi ulimpanda usoni, ukaingia kwenye nguo yake nzuri, na harufu ikaenda mpaka kwa majirani, wakaanza kuchungulia juu ya ukuta.

"Munachoma nini huko, watu wa Mungu?" mmoja akauliza.

Dada akakohoa, akajifuta macho kwa kiganja, akapuliza. Makaa yalikuwa yanazimika, na nusu ya lundo bado iko mkononi mwake.

"Uko na makaa ingine?" akaniuliza bila kunitazama.

"Niko nayo," nikajibu kutoka kwenye kiti changu cha kusukia, na sikuinuka.